Ukipokea "Ndiyo" au "Hapana" kavu na swali halionekani: mwongozo kwa anayeshika simu ya mzigo

Anayeshika simu ya biashara ya dagaa hapa Kigoma anazijua hizi meseji. Unawasha simu alfajiri, unakuta neno moja: "Ndiyo." Juu yake hakuna swali. Au kuna salamu ya wiki iliyopita ambayo haihusiani kabisa na jibu hilo. Wakati huo mchukuzi yuko mlangoni anauliza apakie nini, na gari la Tabora halisubiri.

Wateja wetu wengi wako mbali, Kaliua, Urambo, Tabora mjini, hata Dar es Salaam. Wanajibu wakiwa mezani sokoni, mkono mmoja unapima, mwingine umeshika simu. Jibu fupi si dharau. Kwao swali bado liko mbele ya macho, kwa hiyo neno moja linatosha. Tatizo liko upande wetu tunaolipokea, maana sisi ndio tunaopakia, na mzigo ukishafika Tabora kurudishwa kwake ni nauli juu ya nauli.

Nitaeleza hali hiyo moja: kuna uwezekano wewe au mwenzako mliuliza kitu, jibu limekuja peke yake, na mzigo au hela inalisubiri.

Kwanza, usitende na usijibu kwa dakika tano

Wengi huandika kwa vipande. "Ndiyo" inatangulia, halafu inafuata "ila usitie wale wadogo". Ukiwahi kumwambia mchukuzi apakie, sehemu ya pili inakukuta gunia limeshashonwa. Meseji ndefu ya kawaida nayo hukatwa na mtandao vipande vinavyosafiri kila kimoja kivyake, na kwenye simu nyingine za zamani kipande kimoja kinaweza kutangulia chenzake. Kwa hiyo subiri kidogo. Kama ni WhatsApp, angalia juu kama panaonyesha mwenzako bado anaandika.

Kuna majibu mawili ambayo vidole huyakimbilia, na yote mawili yanaharibu. La kwanza ni "Ndiyo nini?" Ukimwandikia hivyo mama mtu mzima umemkosea adabu, lakini hata tukiacha adabu, hulipati unalolitaka. Atakujibu "Ndiyo tuma tu", nawe bado hujui utume nini. La pili ni "Sawa, asante". Hili ni baya zaidi, kwa sababu yeye sasa anaamini mmeelewana, na wewe hujui mmeelewana juu ya lipi. Mzigo ukienda sivyo atakuonyesha hiyo "Sawa" yako, na atakuwa na haki.

Pili, tafuta swali upande wako kabla ya kumsumbua

Mara nyingi swali lipo, ila halipo pale unapotazama. Anza na saa. Meseji iliyoingia saa 11 alfajiri haikuandikwa lazima alfajiri. Simu ikizimwa, au mtu akiwa mahali pasipo na mtandao, meseji hukaa njiani na kuingia baadaye, tena huja kwa mkupuo. Kwenye simu nyingi za kisasa ukibonyeza meseji kwa muda na kufungua maelezo yake, utaona saa iliyotumwa na saa iliyopokelewa. Ukikuta ilitumwa jana saa 2 usiku, basi swali lake ni la kabla ya hapo, na lile ulilouliza saa 3 usiku halihusiki hata kama ndilo liko juu yake kwenye kioo.

Kisha angalia kama swali lako lilifika. Kwenye WhatsApp tiki moja maana yake imetoka kwako lakini haijafika kwake. Swali lenye tiki moja haliwezi kuwa limejibiwa, liondoe kwenye hesabu. Kwenye meseji za kawaida tafuta alama ya kushindwa kutuma. Salio likiisha, meseji inabaki pale pale kwenye mazungumzo ikionekana kama imeenda, na kialama kidogo chekundu pembeni ambacho mtu mwenye haraka hakioni. Hilo ni chanzo kikubwa cha majibu yasiyoeleweka: wewe unahesabu maswali mawili, mwenzako ameona moja.

Halafu laini ya pili. Simu zetu nyingi zina laini mbili, na simu nyingine huonyesha kila laini kwa mazungumzo yake. Uliuliza kwa laini hii, akajibu kwenye namba aliyoizoea. Pitia pia orodha ya simu zilizopigwa, maana huenda swali liliulizwa kwa mdomo, akasema "nitakujulisha", na "Ndiyo" hii ndiyo kukujulisha kwenyewe. Kama mnapokezana simu, muulize aliyekuwepo zamu iliyopita. Na kama uliweka tangazo la mzigo kwenye stetasi, kumbuka kuna watu hawajibu chini ya tangazo lenyewe. Wanakwenda kwenye mazungumzo na kuandika "Ndiyo", wakiamini utaelewa kuwa wanataka.

Jambo la mwisho la kukagua ni kama mazungumzo yenyewe yamewekwa yafutike. WhatsApp ina mpangilio wa ujumbe kutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na yeyote kati yenu wawili anaweza kuuwasha. Mteja anayefikiria siku kadhaa kabla ya kujibu atakujibu swali ambalo halipo tena kwako wala kwake. Ukikuta umewashwa kwenye mazungumzo ya biashara, uzime.

Tatu, ligeuze swali ulilolipata

Umelipata swali, lakini usikimbilie kupakia. Lisome tena, uone kama "Ndiyo" inalijibu kwa maana moja tu. Hapa ndipo watu wazoefu nao wanateleza, na sababu ni jinsi tunavyouliza. Tukiwa na haraka tunauliza kwa kukanusha: "Hujatuma nauli?" "Hutaki tena migebuka?" "Mzigo haujafika?" Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mtu akijibu "Ndiyo" hapo anakubaliana na ulichosema: ndiyo, sijatuma, ndiyo, sitaki, ndiyo, haujafika. Lakini wapo, hasa vijana, wanaosema "Ndiyo" wakimaanisha nimetuma. Swali la kukanusha likijibiwa kwa neno moja, lihesabu kama halijajibiwa, hata kama una uhakika.

Swali lenye "au" ni vivyo hivyo. "Nipakie leo au kesho?" "Ndiyo." Na meseji yenye maswali mawili ndani yake huwa inajibiwa moja, mara nyingi lile la mwisho.

Mfano mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua mteja wa Tabora, mama mwenye meza ya dagaa sokoni. Kawaida yake ni dagaa wa kichanja, yaani waliokaushwa juu ya chanja, wasiogusa ardhi. Wa mchangani ni rahisi zaidi kwa bei, lakini mchanga unawaingia, na wateja wake wakiutafuna hawarudi. Mbalamwezi imekolea, na wavuvi wetu wanaotegemea taa wakati huo hupata kidogo au hawaingii ziwani kabisa. Dagaa wa kichanja ni wachache na bei imepanda.

Jumanne jioni unamwandikia: "Mama, wa kichanja hawatoshi, nijazie gunia na wa mchangani?" Dakika chache baadaye unakumbuka nauli, unaandika nyingine: "Bado hujatuma hela ya gari?" Jumatano alfajiri unakuta: "Ndiyo".

Anayetazama juu juu anaona ruhusa. Mama amekubali kuchanganya, twende kazi. Sasa fuata hatua. Unafungua maelezo ya meseji: imetumwa Jumanne usiku, baada ya maswali yote mawili, kwa hiyo saa peke yake haijakata shauri. Unatazama meseji zako. Ya mchangani ina alama nyekundu. Ilitoka kwa laini ya pili ambayo haikuwa na salio, haikwenda kabisa. Ya nauli ilikwenda kwa laini ya kwanza. Mama ameona swali moja tu, nalo ni la kukanusha. "Ndiyo" yake karibu hakika ni "ndiyo, bado sijatuma". Juu ya mchanga hajasema lolote, kwa sababu hajaulizwa.

Neno lile lile, ukilisoma upande mmoja unampelekea mzigo asioutaka. Ukilisoma upande wa pili, unajua hata hela ya gari haijatoka.

Nne, andika jibu linalobeba jambo zima

Meseji yako iwe na mambo manne: salamu inayomfaa, kwamba neno lake umeliona, jambo lenyewe kwa jina lake na siku yake, na njia ya kujibu ambayo haiwezi kuwa "Ndiyo" tena. Kwa mfano wetu:

"Shikamoo Mama. Nimeona Ndiyo yako, ila sijajua ni ya swali lipi. Mzigo wa Alhamisi: nijaze wa KICHANJA tu, au nichanganye na wa MCHANGANI? Nijibu kwa neno."

Hiyo inaingia kwenye meseji moja ya kawaida, ambayo mwisho wake ni herufi 160 pamoja na nafasi. Ukitia emoji, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na meseji inakatwa vipande, jambo ambalo kwa mwenye kitochi ni usumbufu. Acha emoji kwenye meseji za mzigo.

Angalia nilivyoandika "Alhamisi" badala ya "kesho". Meseji ikichelewa njiani, kesho inageuka kuwa leo. Angalia pia kwamba sikumwuliza "Ulimaanisha nichanganye?" Ukiuliza hivyo unampa jibu mdomoni, na mtu mpole au mwenye shughuli atasema ndiyo ili mmalizane. Mpe majina mawili ya vitu, achague moja. Neno "kichanja" halina maana mbili.

Suala la nauli liandikie meseji yake peke yake, baada ya kupata jibu la kwanza: "Mama, hela ya gari ya mzigo wa Alhamisi: utatuma JUMATANO au utalipa mzigo UKIFIKA?" Ukiyaunganisha umerudi ulikotoka.

Kama hukupata swali lolote, si kwenye laini ya pili wala kwa mwenzako, sema hivyo waziwazi na uweke lile unalolijua: "Habari za asubuhi kaka. Nimepata Hapana yako lakini kwangu swali halionekani. Ninachokijua ni oda yako ya kilo 40 za Jumamosi. Ni kuhusu hiyo, au ni jambo jingine? Niandikie jambo lenyewe." Usimtajie mambo matatu ya kubahatisha. Taja moja lililo wazi daftarini.

"Hapana" ina haraka yake

Watu huichukua "Hapana" kwa wepesi: amekataa, basi, tunamwuzia mwingine. Lakini "Hapana" mara nyingi ni taarifa, si kukataa. Kama juzi uliuliza "Mzigo umefika?" na leo kuna "Hapana", basi kuna magunia yako mahali fulani kati ya Uvinza na Tabora ambayo hayajafika kwa mwenyewe. Hapo huandiki meseji ya ufafanuzi, unapiga simu kwa mteja kisha kwa aliyepakia, sasa hivi.

Kwa hiyo "Hapana" kavu ikija, kabla ya jambo lolote tazama kama kuna mzigo wako njiani kwa mtu huyo, au hela uliyomtumia ambayo hajathibitisha. Kama kipo kimojawapo, kichukulie hicho ndicho kinachozungumzwa mpaka ijulikane vingine. Kama hakuna, simamisha tu ulichokuwa ukimwandalia na ufuate njia ya kuuliza niliyoeleza. Dagaa wakavu wanaweza kukaa siku mbili ukisubiri. Migebuka wabichi hawakai, hivyo kwa samaki mbichi weka muda kwenye meseji: "Nikikosa jibu lako kabla ya saa 6 mchana, sitapakia." Muda huo utumie upande wa kutopakia siku zote. Usiandike kamwe "ukinyamaza nitajua umekubali".

Saa ya kupiga simu

Ukikosa jibu na gari linakaribia kuondoka, piga. Ila namna ya kuuliza kwenye simu ina uzito kama ile ya kwenye meseji. Usianze na "Uliniambia ndiyo, si ndivyo?" Anza na "Mama, naomba uniambie mzigo wako wa Alhamisi unautakaje." Mwache aseme mwenyewe, aina, kilo, gari. Akimaliza, rudia ulivyosikia. Baada ya kukata, andika meseji ya mstari mmoja: "Tumeongea: kichanja tu kilo 60, gari la Alhamisi, nauli unalipa Tabora." Hiyo ndiyo itakayotazamwa pakitokea ubishi, si kumbukumbu ya mazungumzo kelele za sokoni zikiwa nyuma.

Asipopokea pia, usipakie kwa kubahatisha. Gari la kesho lipo.

Namba usiyoijua

"Ndiyo" kutoka namba ngeni inaweza kuwa mteja aliyebadilisha laini, mtu aliyekosea namba, au mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Jibu mara moja tu, bila kutaja jina la mteja yeyote wala mzigo wa mtu yeyote: "Habari. Hapa ni kwa wauza dagaa, Kibirizi. Namba yako siijui. Naomba jina lako na unachohitaji." Usiseme "Ni wewe mama wa Tabora?" kwa sababu tapeli atasema ndiyo ni mimi, na hapo umempa jina la kutumia.

Akijitambulisha kuwa ni mteja wako kwa namba mpya, piga ile namba yake ya zamani kwanza. Na mazungumzo yakigeukia hela, iwe ni kuambiwa "ile hela tuma kwenye namba hii" au kuambiwa urudishe muamala ambao kwako hauonekani, acha kujibu na utume taarifa kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya meseji za kitapeli.

Uliza kwa namna ambayo "Ndiyo" haitakusumbua

Swali moja kwa meseji moja. Liwe la kukubali, si la kukanusha: "Umetuma nauli?" na si "Hujatuma nauli?" Jambo litajwe kwa jina na siku. Pale panapowezekana, mpe mtu maneno mawili ya kuchagua. Kwenye WhatsApp, wafundishe wateja wako wa karibu kuburuta swali kuelekea kulia kabla ya kujibu, ili swali lining'inie juu ya jibu. Ni jambo la kuonyeshana mara moja tu mkikutana. Wenye kitochi hawana njia hiyo, kwa hiyo kwao maneno ya kuchagua ndiyo msaada.

Na kama simu ya mzigo inashikwa na watu wawili, kila swali lililotumwa liandikwe daftarini na aliyelituma: nani ameulizwa, ameulizwa nini kwa maneno yale yale, laini ipi, saa ngapi, na pembeni nafasi tupu ya jibu. Anayepokea zamu asome nafasi tupu kwanza, kabla ya kufungua meseji mpya. "Ndiyo" ikiingia saa hiyo, ataangalia mstari wa mteja huyo. Mstari ukiwa mmoja na swali likiwa la kukubali, anajaza na kupakia. Ikiwa ni miwili, au hakuna, anaanza na zile dakika tano.